Siku Tuliyorekodi Kimya

Miaka ile ya sabini, watu walipokwisha kuhamia katika vijiji, nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Mpanda. Nilijua hati mkato, nilijua kupiga chapa bila kutazama vidole, na nilikuwa najiona. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko kalamu, na bosi wangu alikwisha kunionya mara nyingi.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja kutoka Mpimbwe. Alikuwa amepanda lori la mpunga, na vumbi lilikuwa bado limemkaa kwenye nyusi. Hakuja kushtaki mtu. Alisema kijijini kwao kutakuwa na kikao juu ya majaruba ya marehemu mumewe, yale mashamba ya mpunga yenye kingo za kuzuia maji, naye anaomba kikao hicho kirekodiwe na kiandikiwe muhtasari. Bosi akamuuliza kwa nini. Akajibu kwamba kikao cha mwaka uliopita kilimruhusu aendelee kulima, lakini mvua zilipokaribia shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na jembe na kusema hakumbuki kukubali jambo kama hilo. Hayo majaruba ndiyo yaliyowalisha watoto wake. Akiyapoteza, atalazimika kurudi kwao mikono mitupu, na watoto watabaki kwa ukoo wa baba yao.

Nikatumwa mimi, na redio kaseti ya ofisi. Nilinunua betri mpya mtaa wa Majengo, dukani kwa mzee aliyezijaribu moja moja kwa ulimi kabla ya kunikabidhi. Njia nzima niliipakata ile redio ndani ya kanga. Lori liliporuka kwenye shimo, niliinua redio kwanza, kichwa changu baadaye.

Kikao kilifanyika darasani. Wazee wa ukoo walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na mwenyekiti wa kijiji akakaa kwenye kiti cha mwalimu. Aliponipa nafasi nikasimama. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Mpanda:

“Waheshimiwa wazee, akina mama, ndugu wajumbe. Kabla hatujaanza, naomba ridhaa yenu. Ningependa kurekodi sauti za kikao hiki ili nisikosee ninapoandika muhtasari. Kaseti itakaa ofisini, haitapigwa redioni wala mtaani. Asiyependa aseme tu, wala hatalaumiwa.”

Mwenyekiti hakuningoja nimalize vizuri. Alikuwa mtu wa mikutano ya hadhara, na mikutano ya siku zile ilikuwa na mwendo wake. Akanyoosha mkono na kuuliza, “Mnakubali?” Darasa zima likaitikia ndiyo, kwa sauti moja ndefu, kama tulivyozoea kuitikia kila kitu. Mimi nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chekundu cha kurekodi na kile cha kupigia kaseti, na kaseti ikaanza kuzunguka.

Mjane akasimama. Nilidhani anataka kushukuru.

“Naomba uizime kwanza, mwanangu,” alisema. “Mwaka jana pia waliulizwa hivi hivi, na waliitikia hivi hivi. Shemeji yangu mdomo wake haukufunguka. Nilimwona, nikanyamaza kwa sababu wengi walikuwa wamesema ndiyo. Leo aulizwe kila mtu.”

Nilikasirika, na wala sitaki kuficha. Nilimkasirikia yeye. Mtu umesafiri juu ya magunia ya lori kwa ajili yake, na sasa anakufungulia mlango wa kukatazwa. Nani asiyejua shemeji atajibu nini? Lakini kikao kilikuwa chake kuliko changu, nami nikazima.

Nikapita dawati kwa dawati. Nikamuuliza kila mmoja kwa heshima yake, babu kama babu, mama kama mama: unaridhia sauti yako irekodiwe? Wengine walicheka kwa aibu wakasema ndiyo. Bibi mmoja akauliza kama atasikika akiwa na kikohozi chake, nikamwambia atasikika, akasema basi na iwe. Nilipofika kwa shemeji, mwanamume mrefu mwenye medali ya Bikira Maria shingoni, hakuniangalia.

“Mimi sitaki,” alisema. “Sauti yangu ikienda Mpanda, nani atanijulisha inasikilizwa na nani? Andika tu. Na ukiandika unisomee.”

Nikamtazama mjane. Alikuwa amefumba mikono mapajani, ametulia. Mwenyekiti akataka kumbembeleza yule bwana, nami nikakataa, kwa sababu nilikwisha sema hatalaumiwa mtu. Nikatangaza kwamba mashine haitatumika.

Shemeji akasema bado. Kile kipande cha mwanzo je? Alikuwa ameguna wakati mjane anasimama, na mguno wake umo humo. Nikaeleza kwamba kaseti haifutwi kwa kitambaa kama ubao. Ili kufuta, inabidi nirudishe mwanzo na kurekodi upya juu yake, na kama hatutaki sauti za watu, basi watu wote wanyamaze. Nikamuuliza kama hilo analiridhia. Nikawauliza na wengine, mmoja mmoja, safari hii bila kununa. Wote wakaridhia, na yeye pia.

Tukanyamaza. Sijawahi kukaa na watu wazima wengi kiasi kile bila mtu kusema neno. Dawati lililia, mtoto alisikika akinyonya, na nje kuku alikuwa anapita. Kisha nikarudisha nyuma na kuwasikilizisha. Shemeji aliinama karibu na redio akatega sikio mpaka mwisho. Alipomsikia kuku akacheka, na darasa zima likacheka naye.

Baada ya hapo nilifanya kazi ya kalamu. Kila mtu aliposema, niliandika, nikamsomea, naye akasema ndivyo au sivyo. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Zamu ya shemeji ilipofika, nilimuuliza yeye peke yake kama anaridhia mjane aendelee kulima majaruba ya marehemu.

Safari hii hakuna aliyeitikia kwa niaba yake.

“Mwaka jana ukumbi uliulizwa,” alisema. “Mimi sikuulizwa. Nami ni mdogo wa marehemu, nyie mlinipita kama kizingiti. Andika: alime. Akiolewa nje ya ukoo, yarudi.”

Nikaandika, nikamsomea: akiolewa nje ya ukoo, yarudi kwa mdogo wa marehemu.

“Sivyo,” alisema. “Yarudi kwa watoto wa marehemu. Mimi nina yangu.”

Nilikata, nikaandika upya, nikasoma tena, akasema ndivyo. Mjane alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti akatia sahihi, shemeji akaweka dole gumba, na mjane akaweka lake kando yake.

Ofisini bosi alidai kaseti. Aliisikiliza yote huku akinitazama, akaniuliza nilikwenda Mpimbwe kurekodi kuku? Nikamwambia hicho ndicho walichoridhia wote, na kwa mara ya kwanza hakunionya juu ya ulimi wangu.

Baada ya mavuno mjane alinijia na kikapu cha mchele mpya. Nilimtolea faili nimsomee nakala ya muhtasari wake, asije akaisahau. Akaurudisha mkono wangu taratibu.

“Acha, mwanangu. Siku hizi shemeji hafungui maji yapite majarubani kwangu bila kubisha hodi aniulize.”