Jibu la nyota tano

Majibu yangu yalikuwa hivi: "Mteja wetu mpendwa, asante kwa maoni yako mazuri. Tunafurahi ulifurahia huduma zetu. Karibu tena." Niliyahifadhi kwenye simu na kuyabandika chini ya kila aliyeisifia nyumba yetu ya wageni pale mtandaoni. Aliyesifia kitanda alipata hayo, aliyesifia chapati alipata hayo hayo.

Siku moja tajiri akapiga simu kutoka Mbeya. Nyumba alikuwa ameinunua miezi michache tu nyuma, na hapa Sumbawanga alikuwa amekuja mara mbili tu.

"Unajibu watu kama kasuku," alifoka. "Mtu ameandika ukurasa mzima, wewe unamwambia karibu tena! Soma alichosema, ujibu hicho hicho. Na huyo mhudumu anayemsifia ni nani? Wageni wamepungua, mmoja wenu lazima aondoke. Huyo ndiye nitakayebaki naye."

Tulikuwa wawili: mimi wa mapokezi, na mama wa usafi, mjane wa Kifipa mwenye umri wa kunizaa. Alifua, alideki, alipika. Wageni walimpenda bila yeye kufanya juhudi yoyote, na hilo lilikuwa likinichoma siku nyingi.

Nikafungua simu kusoma. Mwanamke mmoja, Mfipa aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa amelala kwetu siku mbili akielekea Mwazye kwa ndugu wa marehemu mama yake. Baridi ya Juni ilimkuta na homa. Aliandika kwamba mhudumu wetu, ambaye hata jina hakumuuliza, alimfunika blanketi lake mwenyewe, akampikia uji wa ulezi na kumsemesha Kifipa. Tangu mama yake afariki, aliandika, hakuna aliyewahi kumsemesha hivyo.

Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihamia bondeni huku na ng'ombe kabla sijazaliwa, na Kifipa changu kinaishia kwenye salamu.

Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika tena. "Mteja wetu mpendwa" likaondoka kwanza. Nikataja uji, nikataja blanketi. Bado lilikuwa na harufu ya kubandikwa, kwa sababu nilikuwa nikimrudishia maneno yake tu. Lilihitaji kitu ambacho angekijua mtu aliyekuwa naye chumbani. Nikaenda uani, mama wa usafi alikuwa anakamua mashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Yule dada wa homa, mliongea nini?"

Akafurahi kuulizwa. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaeleza yote. "Alikunywa kidogo akakiacha kikombe. Akasema mama yake alikuwa anatia chumvi kidogo kwenye uji, siyo sukari. Nikaenda nikamtilia. Alilia, maskini. Akaniambia ataandika kwenye simu, watu wote wasome."

"Chumvi," nilisema.

"Kidogo tu, mwanangu."

Nikarudi mapokezi nikaandika: "Dada, nimefurahi kusikia homa imeisha. Ule uji tuliutilia chumvi kama alivyofanya mama, na kikombe ulikimaliza. Ukipita tena ukitoka Mwazye, utanikuta hapa hapa, tutaongea Kifipa chetu. Ni mimi, dada yako wa mapokezi." Nikasoma mara mbili. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na hadi leo naona hivyo. Nikalituma.

Kabla ya saa sita mgeni alikuwa ameongeza mstari kwenye maoni yake, akimshukuru dada wa mapokezi ambaye hakusahau hata chumvi. Homa ilikuwa imemfanya asikumbuke sura. Tajiri akapiga simu akicheka. "Kumbe unaweza! Basi mwambie huyo mama amalizie mwezi wake."

Sikungoja mwezi uishe. Nilimwambia aondoke siku ile ile, nikaongeza kwa raha yangu kwamba wageni hawakuwa wanamtaja. Hakubisha. Alianika shuka la mwisho, akafunga nguo zake na lile blanketi. Alikuwa anarudi kwao Msanzi. Mlangoni akasimama, mkononi ana simu yake ya vitufe isiyoweza kuonyesha chochote cha mtandaoni.

"Samahani mwanangu. Yule dada wa homa, aliandika?"

Maoni yalikuwa wazi mbele yangu, kwenye kaunta.

"Hapana mama. Hajaandika."

Uso wake ukabadilika, na nikadhani anajihurumia. Nilikuwa nangojea nione hilo.

"Jamani," alisema. "Alivyoniahidi vile, asingeacha. Basi atakuwa amezidiwa huko njiani, au amekufa kabisa."

Akaweka mzigo chini, akafanya ishara ya msalaba, akaniomba tumwombee. Nikainamisha kichwa nikasali naye.