Siku Niliyokuwa ALWAYS

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa na mtindo wake wa kufundisha mpangilio wa maneno. Kila mwanafunzi anashika kadi yenye neno moja, kisha tunasimama foleni mpaka tuwe sentensi. Tulikuwa watu wazima, wauza samaki na wakulima wa kijiji cha Mute, tunatafuta kazi kwenye kambi ya gesi. Sisi tulikuwa tukifika saa nane kamili. Yeye alikuwa akifika anapojisikia.

Siku moja nikachoka. Kabla hajaja, tukaandika kadi zetu wenyewe tukajipanga mbele ya ubao: OUR, TEACHER, ALWAYS, IS, LATE. Yaani mwalimu wetu huchelewa kila mara. Mimi nilishika ALWAYS, na nilisimama kabla ya IS makusudi. Nilimjua: kosa lile asingeweza kulipita.

Akaingia anahema, kola imelowa jasho. Hata salamu hakutoa. Akanivuta mkono, akanihamishia upande wa pili wa IS.

"Nimesema mara ngapi? ALWAYS inakaa baada ya IS!"

Akarudi nyuma, akaisoma sentensi yote kwa sauti. "Sahihi kabisa."

Ndipo akatambua alichosoma. Sisi tumebana midomo tusicheke.

Akamnyang'anya mwenye IS kadi yake, akamwandikia COMES, yaani "huja", akanirudisha kabla yake. "Kwa kitenzi cha kawaida, ALWAYS inatangulia. Hii nayo ni sahihi."

Shangazi yangu, aliyeshika LATE, akaguna: "Kumbe mwenyewe anajua."