Mara ya Kumi na Tatu Mlinzi Aliposhtakiwa

Ukitaka kumjua mtu, mpe shati lako jeupe akufulie. Mimi nilimpa Mama Pasi la kwangu miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo kola yake inasimama kuliko mwenyewe. Mtaa wetu mzima unafuliwa na mama huyu. Kibanda chake kina meza ndefu yenye blanketi lililoungua sehemu mbili, pasi mbili, na kamba za nguo zinazopishana hadi uani. Juu ya rafu ya sabuni kuna vitabu vya sheria. Vinanukia sabuni.

Alianza kusoma sheria akiwa na miaka hamsini na mmoja, masomo ya jioni, katika chuo kilicho mkabala na kibanda chake. Watu walicheka. Kinyozi alimwambia, "Mama Pasi, kwa hiyo sasa utanyoosha na watu?" Akajibu, "Nitaanza na wewe, umekunjamana sana."

Masomo ya kuandika alifaulu yote. Kilichomshinda ni kesi ya majaribio. Chuoni hapo kila mwanafunzi lazima asimame katika mahakama ya kuigiza na kutoa hotuba ya mwisho. Ukianguka mara tatu, unafunga vitabu na kwenda nyumbani. Mama Pasi alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mheshimiwa, mimi namwamini mteja wangu, ni mtu mwema." Kumbe wakili haruhusiwi kusema anachoamini yeye. Kazi yake ni ushahidi, siyo imani yake. Mara ya pili alitetemeka mpaka akaomba mteja wake asamehewe. Na ukishaomba msamaha, mwanangu, umeshakiri.

Hii ilikuwa mara ya tatu.

Siku hiyo, Jumamosi saa nne asubuhi, chuo kilihitaji wazee wa baraza watatu, wale wanaokaa pembeni ya hakimu na kutoa maoni yao. Huwa wanaokotwa mtaani. Waliokotwa kinyozi, mama muuza magazeti na mimi. Nikanyoosha mkono mapema kabisa. "Mheshimiwa, huyu mama ananifulia nguo." Muuza magazeti akasema, "Hata mimi." Kinyozi akasema, "Mimi nina mashati matatu kwake sasa hivi."

Hakimu alikuwa mwalimu wao, hakimu mstaafu mwenye miwani inayoteleza. Akamtazama mwendesha mashtaka. "Una pingamizi?"

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanafunzi tuliyempa jina Bwana Suti, maana hata sokoni anakwenda na tai. Akasimama. "Sina, Mheshimiwa. Hata joho langu hili amelipiga pasi yeye leo asubuhi."

"Na limekaa vizuri," akasema Mama Pasi.

"Limekaa vizuri sana, mama. Asante."

"Basi lisichafuke."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza.

Mshtakiwa alikuwa mlinzi wa lango la chuo. Kwa miaka kumi na miwili, kila mwaka, amekuwa mshtakiwa wa kesi ileile, na mara zote kumi na mbili amepatikana na hatia. Alikwisha kuzoea. Anakuja kizimbani na mto wa kukalia, na akisomewa mashtaka anatoa machozi ya kweli. Sijui huyatoa wapi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Muuza mbegu, ambaye mlinzi ndiye anayemwigiza, alimuuzia mkulima magunia ya mahindi, akasema ni mbegu bora zilizotiwa dawa, zile nyekundu. Mkulima akapanda. Katika kila mashimo kumi yakaota matatu. Polisi walimkuta muuzaji na paketi ya rangi nyekundu dukani, na stakabadhi aliyonunulia, ya tarehe ya wiki mbili kabla ya mauzo. Basi wakasema: mahindi ya kula, yakapakwa rangi, yakauzwa kama mbegu. Udanganyifu. Mshtakiwa mwenyewe alisema magunia aliyapata kwa msambazaji yakiwa tayari mekundu, na rangi aliinunua ya kutia mapazia ya mke wake. Mapazia hayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Mashahidi walipomaliza, mkulima na mtaalamu wa mashtaka aliyesema rangi ya mahindi na ya paketi ni moja, Bwana Suti alitoa hotuba yake. Ilikuwa nzuri, sina budi kukiri. Alisema, "Wazee, mtu anayeuza mbegu nyekundu, ananunua rangi nyekundu, halafu anataja mapazia! Mapazia yako wapi?" Kisha akakaa, akaweka joho lake sawa kwa vidole viwili. Kinyozi aliyekuwa kando yangu akanong'ona, "Amekwisha huyu." Mlinzi akaanza kulia kabla ya wakati.

Mama Pasi akainuka. Nikazijua zile karatasi mkononi mwake, maana jioni iliyopita nilimsikia akizisoma huku anapiga pasi, mstari mmoja kila shati.

"Mheshimiwa, wazee wa baraza. Sikuja hapa kuthibitisha kwamba mteja wangu hana hatia. Hiyo siyo kazi yangu, wala siyo yake. Aliyesema mtu amedanganya, ndiye athibitishe. Na athibitishe mpaka isibaki shaka yenye maana. Siyo shaka ya mtu mwoga anayeogopa kila kivuli. Shaka inayotoka kwenye ushahidi wenyewe, ambayo wewe ukiitazama, unajiuliza, na unakosa jibu."

Vizuri. Miwani ya hakimu haikuteleza.

"Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo manne. Kwamba kauli ilikuwa ya uongo. Kwamba aliyeisema alijua ni uongo siku ile ile alipoisema. Kwamba alikusudia kudanganya. Na kwamba mkulima alitoa mali yake kwa sababu ya kauli hiyo. La kwanza sibishani nalo. Zile hazikuwa mbegu bora. La nne pia sibishani nalo, mkulima aliamini, akaumia, na mimi naumia naye. Lakini alijua? Tutazame rangi. Wazee, mimi nimefua na kutia nguo rangi kwa miaka thelathini, na nawaambia, rangi ya aina hii..."

"Pingamizi!" Bwana Suti alisimama kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa, wakili anatoa ushahidi. Hakuapa, hakuhojiwa, na ushahidi umeshafungwa."

Hakimu hakusita. "Pingamizi limekubaliwa. Wakili, wewe siyo shahidi. Wazee, yasahauni maneno hayo ya mwisho."

Jamani, kuambiwa sahau! Ni kama kuambiwa usimfikirie tembo.

Mama Pasi aligeuza karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilijua kilichomo: yote yalikuwa miaka thelathini ya udobi. Hotuba yake yote iliyobaki ilikuwa imekatazwa. Muuza magazeti akanishika kiwiko. Nikasema moyoni, basi, vitabu vitaishia kufungia sabuni.

Akazikunja karatasi zile mara nne, kwa ukingo mkali, kama leso. Akaziweka mezani. Kisha akasema, kwa sauti ile anayoitumia kumuuliza mtu doa hili ni la nini:

"Mheshimiwa, naomba kielelezo cha tatu."

Kielelezo cha tatu ni ile paketi ya rangi. Karani akampa. Akavaa miwani, akaigeuza upande wa nyuma.

"Paketi hii ilipokelewa yote kuwa ushahidi, mbele na nyuma. Mbele mmeoneshwa, ni nyekundu. Nyuma hakuna aliyewasomea. Nasoma: *Rangi ya nguo. Tia katika maji yanayochemka pamoja na chumvi. Acha ichemke nusu saa. Katika maji baridi rangi haishiki.*" Akainua macho. "Hayo siyo maneno yangu. Ni ya kielelezo chao wenyewe."

Bwana Suti alishika tai.

"Sasa, mkulima alisema hapa, chini ya kiapo, mbegu tatu katika kumi ziliota. Wazee, hindi lililochemshwa nusu saa na chumvi linaota? Hilo siyo jambo la udobi. Kila aliyewahi kuchemsha hindi anajua. Mimi nilimuuliza mtaalamu wao: uliipima rangi ya mahindi na rangi ya paketi, ukaona ni moja? Akajibu, nanukuu, 'Niliangalia kwa macho.' Msambazaji aliyeuza magunia jina lake liko kwenye maelezo ya mshtakiwa tangu siku ya kwanza. Hawakumwita. Kwa nini, sijui. Wala ninyi hamjui. Na hapo ndipo ninaposimama: hamjui."

Akapumua.

"Rafiki yangu wa mashtaka anaweza kusema, labda alitumia maji baridi. Labda. Lakini 'labda' iko upande wake, na 'labda' haifungi mtu. Labda ikiwa upande wangu, inatosha. Na mapazia? Msiyaamini. Siwaombi muyaamini. Tuseme mapazia ni uongo mtupu. Uongo wa mtu aliyeshikwa na hofu hauzibi shimo lililoachwa na mashtaka. Ukitoa mapazia kabisa kwenye kesi hii, mahindi bado yameota. Nimemaliza."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, hairuhusiwi, ila kinyozi alijisahau akapiga moja.

Tuliulizwa maoni mmoja mmoja. Muuza magazeti akasema hana hatia. Mimi nikasema moyoni namshuku yule bwana mpaka kesho, lakini kushuku siyo kujua, basi hana hatia. Kinyozi akakuna kidevu. "Ana uso wa mwizi, nimemnyoa miaka mingi. Lakini mahindi yameota. Hana hatia."

Hakimu akakubaliana nasi, akamwachia huru. Mlinzi akasimama kizimbani, hajui la kufanya. Mara zote kumi na mbili alikuwa akichukuliwa na karani kupelekwa nyuma. Sasa akashuka, akafika mlangoni, akarudi akakaa tena. Hakimu akamwambia, "Nenda, uko huru." Akasema, "Niende wapi, Mheshimiwa? Mimi kazi yangu iko hapa langoni."

Ndipo zikaja alama. Hakimu alivua miwani kabisa.

"Kwa kutoa ushahidi ukiwa wakili, nimekukata kumi na tano. Kosa hilo kwenye mahakama ya kweli lingeweza kukutia matatani. Kwa kuacha hotuba yako yote na kurudi kwenye ushahidi, nimekupa zaidi ya hizo. Hamsini na saba. Umefaulu."

Mama Pasi alifunika uso kwa karatasi zake zilizokunjwa.

"Na nina langu la kukiri," akaendelea hakimu, akishusha sauti. "Kesi hii niliitunga mimi ili utetezi ushindwe kiheshima. Paketi ya zamani ililiwa na panya, mwaka huu nikachukua moja jikoni kwa mke wangu. Sikusoma nyuma."

Bwana Suti naye alipata alama zake, sitini na nne, maana pingamizi lake lilikuwa sahihi. Wakati tunatoka alimfuata Mama Pasi, amebeba joho mkononi.

"Mama, umeninyoosha leo."

"Lete hilo joho, mwanangu. Umelitia jasho kwapani."

Akalichukua, akalikunja, akavuka barabara kwenda kufungua kibanda. Pale langoni mlinzi alimpigia saluti, na mto wake kwapani.