Vifaranga Mia Nne na Swali la Bei

Vifaranga mia nne walitotolewa asubuhi moja ya Julai, na kabla sijamaliza kuwahesabu, mteja aliyewaagiza wote akapiga simu kusema banda lake halijakamilika. Aliomba radhi kwa upole sana. Nilimjibu "sawa tu" huku nikitamani kumrushia simu.

Kona yetu ya taa za joto, hapo nyuma ya nyumba pembezoni mwa mji wa Machakos, inatosha vifaranga mia moja na hamsini. Wakizidi hapo wanapandana, na wa chini hukosa pumzi. Kwa hiyo mia mbili na hamsini walipaswa kuwa wameondoka kabla baridi ya jioni haijaingia.

Nikatengeneza bango zuri: picha ya vifaranga, na juu yake bei, shilingi mia moja kila mmoja, kwa herufi kubwa za njano. Maneno ya posti yalikuwa machache tu: "Vifaranga wa kienyeji wako tayari." Nikaisambaza kwenye vikundi vya wafugaji mtandaoni, nikakaa kusubiri.

Komenti zilikuja kwa fujo. "Bei?" "Bei gani?" "Ni how much?" Kufikia saa tano zilikuwa zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyesema anataka. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nilihisi watu wananichezea, bei iko mbele ya macho yao. Mwanamume mmoja wa Katelembo alipouliza mara ya pili, nikamwandikia: "Soma bango. Ama hata kusoma ni shida?" Watu wakamcheka hapo chini. Nami, naona aibu kusema, nilifurahi.

Dakika chache baadaye akaandika mama mmoja wa Kithyoko ambaye huchukua vifaranga kwangu kila mwaka. "Mama, mimi sina bundles za intaneti. Niko kwa ile ya bure, naona tu maneno, picha haiko. Niambie bei."

Niliisoma mara mbili. Mume wangu alichomoa laini yake isiyo na bundles, akaiweka kwenye simu yake ya zamani, akafungua ukurasa wetu. Mahali pa bango palikuwa na kisanduku cheupe. Nilikuwa nimewatukana watu kwa kutosoma kitu ambacho hakikuwepo.

Nikaongeza bei kwenye maneno ya posti, kisha nikaanza kujibu kila mtu, mmoja mmoja, palepale kwenye komenti. Sikumwambia yeyote aje inbox, maana jibu la mmoja lingesomwa na wengine kumi. Niliandika: "Ni mia moja kila mmoja, wa siku moja, wamechanjwa. Kuchukua ni leo, au tunawatuma kwa gari. Unataka wangapi, na uko wapi?" Hilo swali la mwisho ndilo lililoleta idadi. Mmoja wa Ekalakala, hamsini. Mama wa Kithyoko, arobaini. Mwingine sitini.

Nilikuwa nimeshaanza kushangilia mume wangu aliponirudisha chini. "Hizo bado si oda," akasema. "Ni watu wamesema watachukua. Hata yule wa asubuhi alisema."

Basi nikarudi kwa kila mmoja na namba ya kulipia na saa ya gari: ukituma nusu kabla ya saa nane, vifaranga wako wanaingia kwenye katoni. Wawili walinyamaza kabisa. Pesa ya kila aliyelipa ilipoingia, niliandika chini ya komenti yake, "Imethibitishwa, wako wamewekwa," na idadi iliyobaki. Walioona idadi ikishuka wakaacha kuuliza maswali, wakalipa.

Yule wa Katelembo nilimwachia mwisho, kwa sababu ya woga. Nilimwomba msamaha hadharani, nikamweleza kuhusu picha, nikampa bei na kumuuliza anataka wangapi. Nikarudi kupanga katoni hadi jibu lilipoingia.

"Nilikuwa nataka thelathini," aliandika. "Nimeshachukua kwingine. Asante."

Gari la mwisho lilipoondoka na katoni zetu, tulikuwa tumeuza mia mbili ishirini na wanane. Waliozidi walikuwa ishirini na wawili, wasiofika hata wale thelathini wa mtu wa Katelembo. Tulisogeza mbao, tukapanua kona, tukaongeza balbu moja tuliyoitoa sebuleni. Joto la taa halikufika kwenye sehemu tuliyoongeza. Nililala nikisikiliza kelele zao.

Asubuhi niliwakuta kumi na mmoja wamelaliana kwenye pembe, wamekuwa bapa. Mume wangu alisema ni baridi ya Julai, na alisema hivyo kwa kunihurumia. Nikawaokota mmoja mmoja kwenye ndoo. Baridi nilikuwa nimeijua tangu asubuhi ya jana. Hawa niliwaua mimi saa tano mchana, kwa sentensi mbili, na watu wakacheka.