Mtoto Aliyesema Bado

Kuna walimu wanaopewa darasa la kwanza kama adhabu, na kuna yeye. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na miwili katika chumba kile kile chenye viti vifupi, na kila alipoambiwa apande kufundisha madarasa makubwa alijibu, "Huko juu watoto nitawakuta wameshaharibika. Niacheni hapa mlangoni." Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwa Nini, maana ukimpa jibu, hata liwe sahihi vipi, hakupigii makofi. Anainamisha kichwa, anakuangalia juu ya miwani, anauliza: "Kwa nini?"

Mwaka ule alipata mwanafunzi wa kufanana naye. Alikuwa msichana mdogo wa miaka sita, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, anayelelewa na bibi yake, mfua nguo za watu. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" watoto arobaini na mmoja huitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!" Halafu, ukimya ukishatulia, sauti moja hutoka dawati la tatu: "Bado." Wenzake walimcheka hadi wakachoka, jina likamganda. Hata bibi yake akawa anamwita Bado.

Basi wiki ile somo lilikuwa mzunguko wa maji. Mwalimu alikuja na chupa pana ya kioo iliyowahi kuwa na jamu, sahani ya bati, barafu kwenye mfuko, na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Alichora mstari wa chaki sakafuni, akawaambia watoto, "Atakayevuka mstari huu, somo linaishia kwake." Akaisuuza chupa ya kioo kwa maji ya vuguvugu kwanza isije ikapasuka, kisha akamimina ya moto hadi theluthi. Akafunika mdomo kwa sahani, akapanga barafu juu ya sahani. Wakasubiri.

Kioo kilianza kufanya ukungu. Baadaye kidogo akainua sahani taratibu, akaipindua kidogo waone tumbo lake. Lilikuwa limejaa matone. Moja likakua, likashindwa kujishikilia, likadondoka.

"Mvua!" walipiga kelele.

"Maji haya yametoka wapi?" aliuliza mwalimu.

"Kwenye chupa!" walijibu wote.

"Bado," alisema Bado. "Barafu imevuja."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alijua kwamba hilo ni jibu la mtu aliyetazama: juu kuna barafu inayoyeyuka, chini kuna maji. Mtu mzima angewaza vivyo hivyo kama asingekuwa amekaririshwa.

"Inawezekana," alisema. Kicheko kikakatika. "Sasa tutajuaje kama imevuja au haikuvuja?"

Bado alikuna shingo. "Bibi akifua nguo nyekundu na nyeupe pamoja," alisema polepole, "nyeupe inakuwa nyekundu. Anajua rangi imetoka wapi."

Mwalimu Kwa Nini alisimama pale na sahani yake mkononi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaambia watoto kwamba bati halivuji, na wao wakimwamini kwa sababu yeye ni mkubwa. "Kesho kutwa," alisema, "tutaleta barafu nyekundu."

Kumbe kesho kutwa hiyo ndiyo siku aliyokuwa anakuja mkaguzi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa suti na wasiwasi. Alipopata barua ya ukaguzi aliingia darasa la kwanza mwenyewe, akawafundisha watoto wimbo alioutunga usiku uliopita: *Maji ni mvuke, mawingu ni mvuke, mvuke ukishuka, mvua inanyesha.* Watoto wakaupenda, una mdundo.

"Mkuu, kwa heshima," alisema Mwalimu Kwa Nini walipobaki wawili koridoni, "mawingu si mvuke. Mvuke hauonekani kwa macho. Tunachokiona angani ni vitone vya maji, vidogo sana."

"Mwalimu, hawa wana miaka sita."

"Ndiyo maana usiwadanganye. Wataamini."

Mkuu alitabasamu lile tabasamu la mtu anayeshikilia faili. "Wewe fundisha ulivyopanga. Wimbo utakuwa mwishoni."

Asubuhi ya ukaguzi, mwalimu aliita majina. Dawati la tatu lilikuwa na pengo.

"Anaumwa?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu," alisema jirani yake wa dawati. "Jana aliambiwa asije leo. Eti ataharibu."

"Aliambiwa na nani?"

"Mwalimu mkuu."

Damu ilimpanda mwalimu hadi masikioni. Alimwomba mwalimu wa chumba cha pili awaangalie watoto, akaenda ofisini hatua ndefu ndefu, hata hodi hakupiga.

"Mkuu, umemkataza mwanafunzi wangu kuja shule?"

"Nimemshauri bibi yake amwache apumzike. Siku moja tu." Alikuwa anapanga maua ya plastiki mezani. "Yule mtoto ni mzito. Mkaguzi atauliza kama wameelewa, yeye atasema bado. Unataka tuonekane hatufundishi?"

"Mzito kwa mizani ipi?"

"Nimeandika kwenye rekodi yake. Mwaka ujao arudie darasa."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kufukuzwa kazi. "Umeandika," alisema, "kuhusu mtoto ambaye hujawahi kukaa naye dakika tano. Mtoto pekee katika shule hii anayekiri kwamba hajaelewa. Sisi wengine wote, mimi na wewe tukiwemo, tunaitikia ndiyo."

Kabla mkuu hajajibu, kelele zilisikika getini. Mlinzi alikuwa amenyoosha mkono kama kizuizi, na mbele yake alisimama mwanamke mzee mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni, amemshika mjukuu wake ambaye sare yake ilikuwa imepigwa pasi hadi inakata.

"Mama, nimeambiwa leo huyu asiingie," mlinzi alikuwa akisema kwa aibu.

"Mwanangu, nami niliambiwa apumzike. Nikamtazama jioni nzima, sikuona alipochoka." Bibi alimwona mwalimu akija. "Mwalimu, huyu ana homa? Ana upele? Kama ni mchafu niambie, maana kazi yangu ni kutakatisha."

"Hana kosa lolote, mama. Kosa ni letu. Nisamehe." Mwalimu alimshika Bado mkono, akamgeukia mlinzi. "Ukiulizwa, sema nimempitisha mimi."

Walikutana na mkaguzi mlangoni mwa darasa. Alikuwa mzee mfupi, mwenye uchovu wa mtu aliyekwishatembelea shule tatu wiki ile. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yamguse kidevu, akafungua daftari. Mkuu alisimama ukutani. Alipomwona Bado akikaa, uso wake ulijikunja kama nguo iliyokamuliwa.

Mwalimu hakumtazama tena. Alimimina maji ya moto, akafunika, akaweka juu ya sahani barafu aliyoigandisha kwa rangi nyekundu ya keki. Barafu ilianza kuyeyuka, na sahani ikawa na kidimbwi chekundu.

"Kama barafu inavuja," aliuliza, "matone ya chini yatakuwa ya rangi gani?"

"Mekundu!"

"Na kama haivuji?"

Wakasita. "Meupe," mmoja alisema. "Hayana rangi," akasahihisha mwingine.

Aliinua sahani kwa uangalifu, isimwagike, akamwita Bado apitishe kidole chini yake. Bado alipitisha, akakipaka kidole kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ililowa. Nyekundu haikuwepo.

"Haikuvuja," alisema Bado. Hakuonekana kuumia hata kidogo kwa kukosea. Alionekana kama mtu aliyeokota kitu. "Basi yalipanda. Lakini sikuyaona yakipanda."

"Kwa sababu maji yakipata joto, mengine yanageuka mvuke, na mvuke hauonekani. Ukigusa penye baridi unarudi kuwa maji."

"Bahari inachemka?" aliuliza mtoto wa mbele.

"Jana tulizungushia chaki kidimbwi cha uani. Leo kimekuwaje?"

"Kimepungua!"

"Kilichemka?"

"Hapana!"

"Basi si lazima yachemke. Jua na upepo vinatosha, ila polepole. Mimi nimetumia ya moto ili tusikae hapa hadi kesho."

"Na mbinguni kuna sahani?"

Mkaguzi alikohoa, pengine alicheka. "Hakuna sahani," alisema mwalimu. "Lakini juu sana hewa ni baridi. Hiyo baridi ndiyo sahani yetu."

Hapo mkuu akaona nafasi yake imefika. Alinyanyua mikono, na watoto, kwa kuwa ni watoto, wakaimba kwa nguvu zote: *mawingu ni mvuke, mvuke ukishuka…* Mkaguzi alitikisa kichwa kwa mdundo. "Vizuri," alisema. "Mmeelewa wote?"

"Ndiyooo!"

"Bado."

Mkuu alifumba macho.

"Bado nini?" aliuliza mkaguzi.

Bado alisimama. "Mwalimu kasema mvuke hauonekani. Mawingu mimi nayaona."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama hewani. "Wewe unadhani ni nini, basi?"

"Sijui." Alifikiri. "Pale kwenye kioo kulikuwa na kitu cheupe kama wingu. Nilipogusa, kidole kikalowa. Labda ni maji madogo madogo."

Mkaguzi alimtazama mwalimu mkuu, akatazama daftari lake, akafuta mstari mmoja aliokuwa ameshauandika. "Kaa, mwanangu," alisema. "Endelea hivyo hivyo."

Ungedhani kesi imeishia hapo. Ripoti ilipokuja baada ya wiki mbili, ilisema somo lilizidi muda kwa dakika kumi na mbili, kwamba darasa lina kelele, na kwamba "wanafunzi wameonyesha udadisi mzuri." Mkuu alibandika sentensi ya mwisho kwenye ubao wa matangazo, chini ya picha yake mwenyewe.

Mwalimu Kwa Nini aliisoma akiwa amesimama, na hasira iliyokuwa imetulia ikachemka upya. Alikwenda ofisini, safari hii akapiga hodi.

"Nimekuja kwa ajili ya lile neno," alisema. "Mzito."

"Mwalimu, mambo yamekwisha vizuri. Hata sifa tumepata."

"Sifa umebandika. Neno umeliacha kwenye faili, na faili litamfuata mtoto hadi darasa la saba. Kila mwalimu atalisoma kabla hajamtazama usoni."

"Rekodi haifutwi ovyo."

"Iliandikwa ovyo." Alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Nina kipindi saa nne. Hadi hapo sina pa kwenda."

Mkuu alipitia barua. Akapiga simu. Akapanga maua. Saa tatu na dakika hamsini alitoa faili, akafuta agizo la kurudia darasa, kisha akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, *anauliza*. Mwalimu aliomba kalamu, akaweka sahihi yake pembeni na tarehe, asije mtu akasema baadaye kwamba hakuna aliyeona.

Hakumshukuru. Alitoka, na njia nzima hadi darasani taya zake zilikuwa bado zimekaza, kwa kuwa alikuwa anawahesabu kichwani watoto wengine wa miaka yake yote ishirini na miwili, ambao huenda waliandikwa vile vile, na yeye hakuwahi kuomba kuona faili zao.