Gia Ndogo

Mpwa wangu alikuja gereji yangu ya Kitengela asubuhi moja baada ya mvua, akasimama pale nje ambapo wateja husimama wakiogopa kuchafua viatu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Anko, nataka ufungue transfa ya gari ya baba. Ufungue, uniambie kama ni mimi."

Kwanza nilikasirika. Mimi hukasirika kabla ya kuhuzunika, ndivyo nilivyoumbwa, na mke wangu amechoka kunirekebisha. Nilimwuliza nani amemjaza upuuzi huo kichwani. Akaniangalia tu, nami nikajua hakuna aliyemjaza. Alikuwa amekua nao.

Baba yake alikuwa mume wa dada yangu, mfugaji wa upande wa Oltepesi. Sisi ni watu wa Ukambani tuliohamia huku kutafuta kazi, yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji, na kila tulipokutana alinitania kwamba ninajua gari lakini sijui ng'ombe. Alinunua pickup kuukuu ya four-wheel ya kubebea maji na ndama. Alasiri moja alikuwa ndani yake na binti yake, mtoto ambaye hata shule alikuwa hajazoea. Walivuka tambarare yenye tope, wakafika mahali udongo mweusi unapoishia na mteremko wa mawe unaanza. Akasimamisha gari, akazima injini, akashuka. Gari likaanza kuteremka lenyewe, mtoto akiwa ndani.

Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa mbali aliona yaliyofuata. Alimwona shemeji yangu akikimbia mbele ya gari na kuliwekea mikono miwili, jinsi mtu anavyomzuia fahali anayetoroka. Gari lilikwama kwenye jiwe hatua chache chini. Mtoto hakuumia popote. Shemeji hakuinuka.

Baada ya mazishi wengine walisema gari lina pepo, na mama mkwe wa dada yangu akakataza mtu yeyote kulipanda. Wengine walisema jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto alichezea gia. Hawakumwambia yeye. Lakini nyumba za kule hazina kuta nene, na mtoto akinyamaza watu hudhani amelala. Sasa mtoto huyo alikuwa amesomea afya ya mifugo na kupata kazi ya kwenda boma hadi boma akichanja ng'ombe. Gari lililokuwepo la kwenda huko lilikuwa lile la baba yake, na hakuweza hata kulifungua mlango. Mwajiri wake alikuwa ameanza kuuliza.

Nilienda Oltepesi kulichukua. Lilikuwa nyuma ya boma la ng'ombe, limefunikwa turubai, kuku wametagia kwenye kiti. Nilizunguka mbele, nikaangalia habu, yaani vile vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele ambavyo kwenye magari ya zamani huzungushwa kwa mkono. Ukivifunga, magurudumu ya mbele yanashikana na mitambo na kusukumwa. Ukivifungua, yanajizungukia bure, na hata ukitia four-wheel mbele hapavuti kitu. Kwa hiyo kabla ya tope dereva hushuka kuvifunga, na baada ya tope hushuka tena kuvifungua.

Cha kushoto kilikuwa kimefunguliwa. Cha kulia kilikuwa kimefungwa.

Nilikaa chini pale pale kwenye samadi. Miaka yote hiyo hakuna aliyevigusa. Shemeji alikuwa amemaliza kimoja na kuzunguka kwenda cha pili. Niliona mgongo wake umeinama, nikaona hata shuka yake, na mimi si mtu wa kuona vitu. Dada yangu alikuja na chai akanikuta nikilia, akaiweka chini akarudi.

Gia ndogo haikunisaidia. Ile gia kubwa kila dereva anaijua. Ndogo iliyo kando yake ndiyo inayoamuru transfa, na transfa ni sanduku lililo nyuma ya giaboksi. Hilo ndilo linalochukua nguvu na kuigawa, nyuma peke yake au nyuma na mbele. Ndani yake mna pia low, meno ya kupunguza mwendo. Injini haiongezewi nguvu yoyote, ila gurudumu linazunguka polepole zaidi na kwa msukumo mkubwa zaidi. Na kati ya high, yaani mwendo wa kawaida, na low kuna nyutro. Gia ndogo ikiwa hapo, injini na magurudumu havijuani kabisa. Weka gia kubwa unavyotaka, weka ya kwanza, zima injini, gari litateremka. Lakini waliolivuta hadi nyumbani walikuwa wameishika gia ile, kwa hiyo kuikuta katikati hakukuwa ushahidi wa lolote.

Nililivuta hadi Kitengela. Mpwa wangu alikuja siku niliyofungua sanduku, akaketi juu ya tairi, mikono katikati ya magoti. Nilitoa kila kitu nikakipanga juu ya gunia. Nilikuwa naomba nikute ubovu. Nilitaka nikute meno yamelika, au ile springi inayoshikilia gia mahali pake imevunjika, nimwambie ona, gia iliruka yenyewe. Nilitafuta hadi macho yakauma. Kila kitu kilikuwa kizima.

"Haikuruka," nilisema.

"Kwa hivyo kuna mtu aliitoa."

"Ndiyo. Kuna mkono uliitoa."

Aliniambia basi kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu. "Nakumbuka nikiishika. Ile ndogo. Ilikuwa na kichwa laini, nilikuwa naipenda. Sikumbuki kingine, Anko. Nakumbuka tu kichwa chake kwa mkono wangu."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilikuwa nasikia mlio wa low kichwani, ule wa kuimba kwa pua, hata nikiwa kanisani. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitamthibitishia kuwa ni yeye.

Nilipomaliza kulifunga na kuwasha, nilimwambia twende mahali penyewe. Alikaa upande wa abiria, amejibana kwenye mlango. Mvua ilikuwa imenyesha tena na tambarare ilikuwa tope tupu. Nilishuka, nikafunga habu zote mbili mwenyewe, nikarudi kwenye usukani, na gari likiwa limesimama kabisa nikatia low. Gari likaanza kwenda mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, injini ikiimba. Mpwa wangu aliziba masikio. Sikumkataza.

Katikati tulikwama. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa ndani ya shimo, likizunguka na kurusha tope, na mwenzake, lililokuwa juu ya mawe makavu, limesimama tuli. Ndivyo ilivyo difu, ule mtambo wa kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Iliwekwa ili kwenye kona gurudumu la nje liende mbio kuliko la ndani, lakini kwenye tope hulegea upande ule ule usio na mshiko, na ule wenye kazi haupati kitu. Upande wa mbele nao ulikuwa umefanya vivyo hivyo. Nilizungusha swichi ya kufunga difu ya nyuma, nikaachia klachi taratibu. Sasa magurudumu mawili ya nyuma yalikuwa yamefungwa pamoja, moja haliwezi kwenda bila lingine. Lile la kwenye mawe liliuma, gari likapanda likatoka.

"Baba alikuwa akisema *ashe* hapo," mpwa wangu alisema. Ni asante kwa Kimaasai. Alikuwa ameondoa mikono masikioni. Nilifungua ile swichi kabla ya kukata kona, kwa sababu difu iliyofungwa kwenye ardhi ngumu hugombana na usukani na inaweza kuvunja ekseli.

Tulifika pale tope linapoishia. Jiwe bado lipo. Nilielekeza pua ya gari chini ya mteremko, nikaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu, nikiacha nafasi ya kiganja. Gia ndogo nikaiacha kwenye low, gia kubwa nikatia ya kwanza, nikazima injini, nikaachia handibreki. Gari lilisogea kidogo sana likatulia bila kugusa mawe. Injini iliyozimwa ndiyo iliyokuwa ikilishika, kupitia meno.

"Toa gia ndogo," nilimwambia.

Aliigusa kichwa kwanza, kwa ncha za vidole. Kisha akaivuta. Haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili, ameweka mguu kwenye dashibodi, huyu ni msichana anayeangusha ndama peke yake. Haikutoka. Uzito wote wa gari ulikuwa umeyabana meno. Alianza kulia huku bado anavuta, nikamwacha avute.

"Sikiza," nilisema. "Handibreki ikishika, gari haiendi, hata ungefanya nini. Isiposhika, uzito uko kwa meno, na wewe umeona. Mkono wa mtoto hautoi hiyo kitu. Baba yako ndiye aliitoa akiwa bado kwa kiti. Alikuwa anarudi high, meno yakakataa kukutana, gia ikabaki katikati. Akasema atamaliza akirudi, akaweka ya kwanza, akashuka kufungua habu. Ile ya kwanza haikuwa inashika kitu. Madereva hufanya hivyo kila siku."

Alijipangusa uso kwa mkono wa sweta. Aliangalia handibreki.

"Na ikishika nusu?"

Swali hilo nilikuwa nalo tangu gereji. Handibreki iliyojaa tope hushika nusu, huteleza. Ikibeba sehemu ya uzito, meno hulegea kiasi, pengine kiasi cha mkono wa mtoto, na kiasi hicho hakuna fundi anayeweza kukipima leo. Ningeweza kumdanganya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Nadhani watu wote maishani mwake walikuwa wamemwambia asiwaze.

Kulikuwa bado na kazi ya kurudi high. Nilikanyaga breki, nikawasha, nikaitoa gia ndogo kutoka low. Ilikataa kuingia, nikaachia klachi na kuikanyaga tena hadi meno yakakutana. Nikavuta handibreki, nikashika mlango nishuke.

"Kaa, Anko," alisema. "Nitafungua mimi. Wewe kanyaga breki."

Alishuka. Alianzia kushoto, kama baba yake, nikasikia habu ikisema tak. Kisha akapita mbele ya gari, polepole, mkono mmoja ukiburura juu ya boneti, akapiga magoti kulia kwangu. Kupitia dirishani niliona utosi wake tu, na nywele zilizosukwa, na shingo imeinama. Gia ilikuwa imeingia. Handibreki ilikuwa imevutwa. Mawe yalikuwa mbele. Nilivijua vyote hivyo, na bado nilikuwa nimekanyaga breki hadi mwisho, mkono wangu wa kushoto umeshika kichwa cha gia ndogo nisiiachie.

Tak.

Alisimama, akaondoa mawe, akaja akafungua mlango wangu. Alikuwa na tope magotini.

"Sogea, nitaendesha," alisema. Sikusogea. Aliangalia chini ndani ya gari, akaona mguu wangu, akanishika bega. "Anko. Nimemaliza. Toa mguu."

Nilimwambia angoje kidogo.