Nusu ya Kila Punje

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya bima, nawaambia mshahara ulikuwa haumalizi hata wiki mbili. Ni kweli, haukumaliza. Lakini si kwa sababu hiyo niliacha.

Nilikuwa karani wa bima ya serikali hapa Goma, enzi za Zaïre. Biro yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Yangu ilikuwa karibu na dirisha. Ya pili ilikuwa ya mwenzangu aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, iliyopigwa pasi kali, na beji ya chama kifuani. Kazi ya bima hakuijua vizuri. Kazi yake halisi ilikuwa kusikiliza, na hiyo aliijua kweli kweli. Juu ya kichwa chake ilitundikwa picha ya Raisi, hivyo ukimtazama mmoja ulikuwa unawatazama wote wawili.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja mjane, mtu wa kutoka Butembo, mwenye depo ya maharagi. Magari yalimletea mzigo kutoka Rutshuru, naye aliuza kwa jumla. Nilikwenda kuiona depo yake wiki iliyotangulia: magunia mia mbili, yamepangwa vizuri, hakuna panya. Kwa bei ya siku ile mzigo wote ulikuwa na thamani ya zaïre elfu sitini, pesa ya wakati ule. Kontra, ule mkataba wake, nilikwisha kuipiga mashine, nikaacha tupu pale pa kiasi cha bima tu, yaani thamani anayoikatia bima, ambayo ndiyo ingepanga ada yake ya mwaka.

"Andika elfu makumi tatu," akasema.

"Mama, mzigo wako ni wa sitini."

"Najua mzigo wangu, papa. Lakini moto hauwezi kula depo yote. Majirani wako pale, watauzima. Ikiungua nusu, mutanilipa ile nusu, tumemaliza. Ju ya nini nilipe ada ya magunia ambayo haitaungua?"

Karibu kila mteja aliyeingia pale aliwaza hivyo, na wenzangu wengi walikuwa wanaandika tu. Mteja amesema makumi tatu, weka makumi tatu, shauri yake. Mimi nilikuwa kijana na nilijiona fundi. Nikamwomba maharagi. Alikuwa na mfano wa mzigo kwenye kona ya kitenge, akanifungulia. Nikahesabu punje ishirini juu ya meza.

"Kila punje ni magunia kumi. Hii ni depo yako nzima. Wewe unataka asiransi, hiyo bima, ya kumi. Sasa moto umekula nane. Tutakulipa ngapi?"

"Nane. Si nane iko ndani ya kumi?"

"Nne."

"Eh! Wezi nyinyi!"

Mwenzangu wa abakosti akainua kichwa. Nikacheka kidogo ili ashushe. Kisha nikachukua punje moja, nikaiweka kati ya meno, nikaipasua. Haragi kavu linapasuka vipande viwili sawasawa. Nikaviweka mbele yake.

"Mama, hukukata asiransi ya punje kumi na kuacha kumi. Umekata ya nusu ya kila punje. Nusu hii ni yetu. Nusu hii ni yako mwenyewe, hasara yake unaibeba wewe. Punje yoyote ikiungua, sisi tunalipa nusu yetu tu. Zikiungua nane, ni nusu nane, njo nne. Zikiungua zote ishirini, tutalipa kumi. Kifungu chake kiko hapa kwenye kontra, kinaitwa cha uwiano. Ukitaka nane ilipwe nane, kata asiransi ya ishirini."

Akazisukumasukuma zile punje kwa kidole. Alielewa. Jamani, alielewa upesi kuliko mkubwa wetu wa kazi! Kisha akauliza kama karatasi ile itafika kwa watu wa kodi, nikamwambia inabaki kwetu. Akahesabu moyoni, uso ukambadilika.

"Ada ya sitini ni mara mbili. Hiyo itakula mabati yangu." Alikuwa anajenga nyumba Katindo, na watoto wake walikuwa wanalala chini ya turubai.

"Mabati utanunua mwaka kesho, mama. Depo ndiyo inawalisha."

Akavuta pumzi. Akasema andika sitini. Nikaandika, akatia sahihi, nikajiona mtu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kulikuwa na neno moja bado. Thamani ya mzigo haipimwi kwa bei ya siku ya kutia sahihi. Inapimwa kwa bei ya siku ya moto. Na bei zile zilikuwa zinapanda kila mwezi, hata mtoto aliyetumwa chumvi alijua. Nilipaswa kumwambia: mama, zaïre inaanguka, bei zikipanda urudi tuongeze kiasi, la sivyo ile elfu sitini itageuka nusu ya punje bila wewe kugusa kitu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kusema pesa ya nchi inaanguka, ndani ya biro ya serikali, chini ya picha ile, mbele ya yule wa abakosti? Watu walichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nikasema, "Ukiongeza magunia, urudi."

Miezi kumi baadaye, saa sita mchana, cheche za fundi wa kuchomelea aliyekuwa jirani ziliruka ndani ya depo. Majirani walikuja kweli kama alivyosema. Maji hakuna, wakazima kwa mchanga mweusi wa volkano, kwa makarai na kwa mikono. Yaliharibika magunia themanini. Mpimaji wa hasara akaja, akahesabu, akauliza bei sokoni. Ilikuwa mara mbili ya ile ya mwaka uliopita. Mzigo wa elfu mia moja na ishirini, bima ya sitini. Barua ikaandikwa, nami ndiye niliyeipiga mashine: atalipwa nusu ya hasara.

Alikuja nayo siku ya pili. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alifungua kona ya kitenge, akapanga punje ishirini mezani pangu, zile zile hesabu zangu.

"Depo ni ishirini. Asiransi ni ishirini, ulinifundisha wewe. Moto umekula nane. Barua inasema nne." Akanitazama. "Sikuongeza hata gunia moja, papa. Watu wa magari walikuja na mzigo wa bei nzuri, nikaukataa, ju uliniambia nikiongeza nirudi na sikuwa na pesa ya kuongeza ada."

Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba magunia ni yale yale, ila bei imepanda, na kifungu kinatazama bei ya siku ya moto.

"Ulijua itakuwa hivi?"

Kule nyuma kiti cha mwenzangu kililia. Alikuwa amegeuka kusikiliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikujua."

Uso wake ukalegea. Alinisadiki, Mungu wangu, alinisadiki.

"Basi si kosa yako. Na wewe ni mutu wa kutumwa tu. Pole, papa."

Akaanza kuokota maharagi yake mezani, moja moja, kwa sababu yalikuwa chakula. Aliyahesabu mpaka ishirini, akafunga kona ya kitenge, akaenda Katindo kwenye turubai lake.

Aliniambia pole. Mimi.